Dhoruba ya saitokini: maswali ambayo watu huuliza sana

Nafanya kazi wadini hapa Mombasa na haya ndio maswali ambayo watu wa mgonjwa huniuliza pale nje kwenye benchi, mengi yalianza na korona 2020 lakini mpaka leo yanaulizwa kila mtu akishikwa na nimonia ya virusi ikamzidi. Humu nitatumia korona zaidi kwa sababu ndio ugonjwa ambao jambo hili limechunguzwa sana. Mgonjwa wa mfano huko chini nimemtunga, si mtu wa kweli, lakini wa namna yake tumewaona wengi.

Dhoruba ya saitokini ni nini hasa?

Saitokini ni protini ndogo sana ambazo seli za mwili hutoa ili kupashana habari. Seli ikivamiwa na virusi hutoa saitokini, na zile za jirani zinajua kuna adui, mishipa ya damu inajilegeza ili askari wa kinga wapite, ini linaanza kutengeneza protini za vita, ubongo unapandisha joto ndio unapata homa. Yote hayo ni mambo mazuri na kila ukishikwa na mafua yanatokea, kisha yanazimika yenyewe.

Dhoruba ni pale yasipozimika. Fikiria mtu amepiga ukelele "mwizi!" usiku hapo Majengo, watu wanatoka na rungu, na kila anayetoka naye anapiga ukelele, wanazidi kujaa mpaka mwizi mwenyewe ameshakimbia zamani lakini umati bado uko pale unavunja milango na kupiga hata mwenye nyumba. Sasa hao watu si wabaya, walikuja kusaidia. Tatizo ni kwamba hakuna aliyesema basi yatosha.

Kwa hivyo ni virusi vinaua ama ni mwili unajiua?

Vyote, lakini si kwa wakati mmoja, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Siku za kwanza virusi vinazaana na ndivyo vinavyoleta shida. Kuanzia kama wiki ya pili, kwa wagonjwa wengi virusi vimeanza kupungua, na hali ndio inazidi kuwa mbaya kwa sababu ya kinga yenyewe.

Kwamba mwili unaweza kujifanyia hivi bila virusi vyovyote tunajua kwa uhakika. Mwezi wa Machi 2006 kule London, vijana sita wazima kabisa walipewa dawa mpya ya majaribio iliyoitwa TGN1412, dawa ya kuamsha seli za kinga. Ndani ya saa chache wote sita walikuwa wanatetemeka, kichwa kinauma, presha inashuka, kisha mapafu na figo zikaanza kugoma na wote wakaishia aisiyu. Hakuna mdudu hata mmoja ndani ya ile chupa. Walipona kwa bahati nzuri, ingawa mmoja aliharibika vidole vya mikono na miguu.

Kwa nini mapafu ndio yanaumia kwanza?

Kwa sababu virusi vya mafua makali na vya korona huingia na pumzi, na kwa sababu ya vile pafu lilivyoundwa. Mwisho kabisa wa mirija ya hewa kuna vifuko vidogo vya hewa, mamia ya milioni, na ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba kiasi kwamba haufiki hata elfu moja ya milimita. Lazima uwe hivyo ndio oksijeni ivuke. Lakini ukuta mwembamba namna hiyo ukianza kuvuja huna pa kukimbilia.

Mambo hufuatana hivi. Virusi vya korona vinaingia kwenye seli zinazotengeneza ute mlaini wa ndani ya vile vifuko, ule unaofanya visishikane mtu anapotoa pumzi. Seli zinakufa, ute unapungua, vifuko vinaanza kunywea. Zile seli za ulinzi zinazokaa humo ndani zinatoa saitokini kama IL-6, IL-1 na TNF, na mishipa midogo ya damu inayozunguka kifuko inafungua viungo vyake. Chembe nyeupe zinamiminika, zinatema kemikali za kuua vijidudu ambazo hazichagui, seli nzima nazo zinaungua. Maji ya damu yenye protini yanavujia ndani ya vifuko, protini ile inaganda inakuwa kama ngozi nyembamba imefunika ukuta wa ndani. Sasa damu inapita pale lakini hewa haiifikii, inarudi kwenye moyo vilevile ilivyokuja bila oksijeni.

Ndio maana saa nyingine unamfungulia mgonjwa oksijeni mpaka mwisho na kipimo hakipandi. Watu wa nyumbani wanadhani mtungi umeisha. Mtungi haujaisha, ni kwamba sehemu kubwa ya pafu imejaa maji na imefunga, hiyo oksijeni haina mlango wa kuingilia.

Mbona mzee wetu alikuwa anaongea na simu vizuri tu na wakasema oksijeni iko chini sana?

Hili limewachanganya watu wengi, hata sisi wauguzi mwanzoni. Ile hisia ya kukosa pumzi, ya kuhisi unazama, mara nyingi haiji kwa sababu oksijeni imepungua, inakuja kwa sababu kaboni dayoksaidi imejaa kwenye damu. Na kaboni dayoksaidi inavuka ukuta wa pafu kwa urahisi kuliko oksijeni. Kwa hivyo siku za mwanzo mzee anaongeza mwendo wa kupumua kidogo tu bila kujua, anaitoa yote, ubongo hauoni shida, naye anaagiza chai huku SpO2 yake, yaani asilimia ya oksijeni kwenye damu inayosomwa kidoleni, iko 82. Akianza kuchoka kupumua ndio ghafla kila kitu kinaanguka pamoja.

Basi usingoje alalamike. Mhesabie pumzi kwa dakika moja nzima akiwa ametulia, na usimwambie unahesabu maana atabadilisha. Mtu mzima huvuta kama mara 12 mpaka 20. Akipita 30 hiyo ni hali mbaya, usingoje asubuhi.

Kile kidude cha kubana kidoleni naweza kukiamini?

Kiasi. Kwa mtu mzima mwenye mapafu mazima kinasoma 95 kwenda juu, na chini ya 90 kwa mtu ambaye hana ugonjwa wa mapafu wa zamani ni dharura. Kati ya hapo mpeleke akaangaliwe, hasa ukiona inashuka kutoka jana hadi leo.

Lakini kidude kinafanya kazi kwa kupitisha mwanga kwenye kidole, kwa hivyo kuna mambo ya kuangalia. Bi harusi aliyepakwa piko nyeusi mpaka kwenye kucha, ama mtu ana rangi nzito ya kucha, mwanga unaweza kuzuiwa na ukasoma upuuzi ama usisome kabisa, tafuta kidole kisicho na rangi. Mkono ukiwa baridi pia hudanganya. Na kuna jambo ambalo watu wetu wanafaa kulijua: uchunguzi umeonyesha kwamba kwa watu weusi hivi vidude mara nyingine husoma juu kuliko ukweli, yaani kinakuonyesha 93 na damu yenyewe iko chini zaidi. Kwa hivyo ukiona mtu amechoka, anaongea maneno mawili anavuta pumzi, na kidude kinasema 94, amini mtu.

Inaanza siku ya ngapi? Nipe mfano wa mtu.

Haya. Tuseme fundi wa magari wa Changamwe, miaka 58, mnene kidogo, ana sukari ambayo dawa zake humeza akikumbuka. Siku ya kwanza ni homa, kikohozi kikavu na mwili kuuma. Siku ya nne na ya tano homa inashuka, anasema amepata nafuu, familia inapumua. Siku ya saba anapanda ngazi kwenda kuswali na anasimama katikati. Siku ya nane mkewe anaona midomo haina rangi, wanachukua tuktuk.

Akifika SpO2 ni 84, anapumua mara 34 kwa dakika. Picha ya kifua ina mawingu meupe pande zote mbili, zaidi huko chini na pembeni. Damu inapimwa: CRP, ile protini ambayo ini hutengeneza likipigiwa kelele na IL-6, iko 170 wakati mtu mzima huwa chini ya 10. Feritini, protini ya kuhifadhi madini ya chuma ambayo nayo hupanda kinga ikichafuka, imepita 1,500. D-dimer imepanda, maana yake damu inagandaganda mahali na kuyeyuka. Limfosaiti, zile chembe nyeupe za kupambana na virusi, zimeshuka. Sukari 17.

Hakuna kipimo kimoja katika hivyo ambacho peke yake kinasema hii ni dhoruba. CRP inapanda hata kwa jipu. Ni vile vyote vimekuja pamoja, kwa mtu wa wiki ya pili, na oksijeni inashuka.

Anapewa oksijeni, deksa, yaani deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga, miligramu 6 mara moja kwa siku, sindano ya kuzuia damu kuganda, insulini, na analazwa kifudifudi saa kadhaa. Siku mbili za kwanza hakuna tofauti kubwa na mkewe analia. Siku ya tatu CRP imeanguka hadi 90, oksijeni anayohitaji imeanza kupungua. Kuna wengine wenye vipimo hivihivi ambao hawakugeuka, sitaki kudanganya mtu.

Hiyo deksa si iko pale kemisti? Mbona tusinunue mapema tuzuie dhoruba isije?

Hapa naomba msome polepole. Deksa inazuia kinga. Siku za kwanza virusi ndio vinazaana na kinga ndiyo ngao pekee uliyonayo, ukiipiga wakati huo umemfungulia virusi mlango. Jaribio kubwa la Uingereza la 2020 liitwalo RECOVERY lilipima jambo hili kwa maelfu ya wagonjwa. Waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, bila deksa walikufa kama 41 katika kila 100, waliopewa deksa wakafa kama 29. Waliokuwa kwenye oksijeni ya kawaida faida ilikuwepo lakini ndogo, kutoka 26 hadi 23. Na wale ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa? Hawakufaidika, na kwa hesabu waliokufa walikuwa 18 kwa waliopewa dhidi ya 14 kwa wasiopewa, tofauti ambayo wataalamu wanasema inaweza kuwa bahati tu lakini hakuna mtu mwenye akili anayeiona kisha akampa deksa mtu mwenye homa ya siku mbili.

Dawa ni ileile, kipimo kilekile cha miligramu 6 hadi siku 10. Kilichobadilika ni wakati.

Halafu huku pwani kuna mengine mawili. Sukari: deksa huipandisha vibaya sana, na wanaume wengi wa miaka 50 nyumbani hawajui kama wanayo. Na minyoo: kuna mnyoo mdogo unaoingia kwa ngozi ya mguu ukitembea pekupeku kwenye udongo wenye unyevu, anaitwa strongiloidesi, anaweza kukaa ndani yako miaka bila wewe kujua kwa sababu kinga inamdhibiti. Ukizima kinga kwa deksa anazaana na kusambaa mwili mzima, na hiyo huua. Ndio sababu daktari mahali kama hapa anaweza kukupa ivamektini pamoja na deksa, ni kwa ajili ya huyo mnyoo, si kwa korona. Ukiona ivamektini kwenye ile karatasi ya dawa usidhani inatibu korona.

Kwa nini figo na moyo navyo vinaharibika, si ni ugonjwa wa kifua?

Kwa sababu saitokini hazikai kifuani, zinamwagika kwenye damu na damu inafika kila mahali. Ngozi ya ndani ya mishipa ikikasirika inafanya mambo mawili mabaya kwa pamoja, inavuja na inagandisha. Ikivuja, presha inashuka na figo hazipati damu ya kutosha, utaona mkojo umekuwa kidogo na mweusi kama chai ya rangi. Ikigandisha, vibonge vidogo vinaziba mishipa ya mapafu, ya figo, saa nyingine bonge kubwa linakaa mguuni kisha linapanda kifuani, na mgonjwa aliyekuwa anaendelea vizuri anaanguka ghafla akielekea choo. Sindano ya tumboni ya kila siku ambayo wagonjwa wanaichukia ni ya hilo.

Moyo unaumia kwa kukimbia sana huku oksijeni ni haba, na wakati mwingine misuli yake yenyewe inavimba. Ubongo pia, mzee anaanza kuongea asiyoyajua, anawaita watu waliokufa, familia inakimbilia kusema ni majini. Mpime oksijeni na sukari kwanza.

Si kila figo iliyogoma wadini imegomeshwa na saitokini lakini. Upungufu wa maji, dawa za maumivu na sukari ya miaka mingi navyo vina mkono.

Mbona ndugu wawili, nyumba moja, virusi vilevile, mmoja mafua tu na mwingine aisiyu?

Umri kwanza, kisha unene, sukari, na wanaume zaidi ya wanawake. Mafuta ya tumboni yenyewe hutoa IL-6 kila siku, yaani mtu anaingia vitani moto ushawashwa.

Lakini sababu moja ilinishangaza. Saitokini ya kwanza kabisa inayotakiwa kutoka inaitwa interferoni, hiyo ndio inayoziambia seli jirani zifunge milango. Ikichelewa, virusi vinazaana kimyakimya siku kadhaa, na kinga inapoamka inakuta mzigo mkubwa na inapigana kwa fujo. Mwaka 2020 ikagunduliwa kwamba kama mtu mmoja katika kila kumi wa waliozidiwa sana na korona walikuwa na antibodi zinazoshambulia interferoni zao wenyewe, walikuwa nazo hata kabla ya kuugua, na wengi wao walikuwa wanaume wenye umri. Kwa hivyo kwa wengine dhoruba haianzi na kinga yenye nguvu kupita kiasi, inaanza na kinga iliyochelewa.

Basi nikinywa tangawizi na limau na kitunguu thaumu kuongeza kinga, si nitajiletea hiyo dhoruba?

La, kunywa tu. Tangawizi haina uwezo huo, wa kuleta wala wa kuzuia.

Chanjo je?

Chanjo inaondoa ule mwanya wa kuchelewa. Kinga inamjua adui kutoka siku ya kwanza, inamkata kabla hajajaa, kwa hivyo umati hauhitajiki.

Ni kweli kuna dawa inayozuia IL-6 yenyewe?

Iko, inaitwa tosilizumabu, ni ya mshipa, na kabla ya korona ilikuwa ikitumika kwa baridi yabisi ya viungo. Kwenye lile jaribio la RECOVERY, kwa wagonjwa wenye oksijeni ya chini na CRP ya juu, waliokufa walikuwa kama 31 kwa 100 badala ya 35, wengi wao wakiwa tayari wanatumia deksa. Inasaidia lakini si muujiza, na bei yake ni ya kukaa chini kwanza.

Na tuseme ukweli, wataalamu wengine hawalipendi hata neno dhoruba kwa korona, kwa sababu IL-6 ya wagonjwa wengi wa korona ilikuwa chini kuliko ya mtu mwenye damu iliyooza kwa bakteria. Kinachoharibu mapafu ni kelele zilizo pale pale mapafuni zaidi ya zile zinazopimwa kwenye damu ya mkononi.

Denge nayo si virusi? Tumpe deksa pia?

Hapana! Na hili nalirudia kila mvua zikinyesha kwa maana denge hapa Mombasa inakuja na kurudi. Denge pia huvujisha mishipa, na mtindo wake unafanana kwa jambo moja la kutisha: mgonjwa huzidiwa pale homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Tumbo linauma sana, anatapika mfululizo, fizi zinatoka damu, mikono baridi. Lakini steroidi hazijaonyesha faida kwenye denge. Tiba ni maji ya mshipa kwa kipimo, kidogo mno mtu anazimia, mengi mno yanamfurika mapafuni. Kwa homa tumia parasetamoli tu, asipirini na ibuprofeni zinaongeza kutoka damu.

Kulala kifudifudi kunasaidia nini?

Ukilala chali moyo na tumbo vinakandamiza mgongo wa mapafu, na huko ndiko maji yanakojikusanya. Ukigeuzwa, vifuko vya mgongoni vinafunguka na damu na hewa zinakutana tena. Kwa wagonjwa wa mashine wenye mapafu yaliyoharibika sana, kuwageuza angalau saa 16 kwa siku kumeokoa watu. Kwa aliye macho, alale anavyoweza, mto chini ya kifua, akichoka ageuke ubavu.

Ameruhusiwa nyumbani lakini bado anahema akifua nguo. Dhoruba imerudi?

Mara nyingi la. Pafu lililoungua linajirekebisha kwa miezi, na mahali pengine linaweka kovu ambalo halipanuki vizuri. Anatembea kidogo kila siku, anaongeza. Kinachotakiwa kumrudisha hospitali ni kifua kuuma ghafla akivuta pumzi, mguu mmoja kuvimba, homa mpya, ama SpO2 kushuka akitembea. Na sukari yake ipimwe tena wiki kadhaa baada ya deksa kuisha, kuna wanaobaki nayo juu na wanahitaji dawa za kila siku.